Kutafuta fremu ya saluni Tabata: nilivyohesabu watu, nilivyokosea, na nilipoishia

Jumatatu, 3 Juni 2024

Naanza kuandika leo kwa sababu wiki nzima iliyopita nimezunguka na madalali na kichwa kimejaa, kila fremu naambiwa "hapa dada yangu watu wanapita kama siafu" na sijui hata nitofautishe vipi siafu wa huku na siafu wa kule. Miaka mitatu nimekaa kaunta kwenye saluni ya mtu Sinza, napokea hela na kuandika daftari, kwa hiyo kazi ya ndani naijua, ila kuchagua sehemu sijawahi. Bosi aliikuta saluni imeshafunguliwa akanunua vitu tu.

Nimeshapata wasusi wawili wa kuanza nao, dada mmoja wa rasta na mwingine wa kuosha, kuseti na dawa. Akiba yangu ni milioni 5 na nusu. Natafuta Tabata kwa sababu naishi Tabata na sitaki kufunga saa 3 usiku halafu nianze kugombea daladala.

Kabla sijaenda popote nimekaa na daftari la zamani. Kwa mahesabu yangu, mteja mmoja akishalipa, nikampa msusi nusu yake na kutoa mafuta, shampuu na vikorokoro, mimi nabaki na kama elfu 7, wastani huo, kuna wa elfu 3 na kuna wa elfu 15. Sasa fremu ya laki 2 kwa mwezi, weka umeme elfu 60, maji elfu 30, mlinzi elfu 15, taka elfu 5, jumla 310,000. Gawa kwa elfu 7, unapata wateja 45 kwa mwezi kulipia chumba tu, mimi bado sijala. Ya laki 3 na nusu inataka wateja 66. Hiyo tofauti ya wateja 21 ndo swali langu, je barabara ya lami inaniletea hao 21 kweli au naongopewa?

Jumamosi, 8 Juni

Fremu ya kwanza ya kuchunguza naiita A. Ipo usawa wa lami, hatua chache kutoka kituo cha daladala, vioo mbele, vigae chini, laki 3 na nusu, miezi 6 kwa mpigo. Dalali nimempa elfu 20 ya kuonyeshwa (alinionyesha mbili, moja ilikuwa stoo).

Nilikaa kwenye benchi la muuza magazeti jana Ijumaa saa 11 jioni. Dakika 15 kwenye simu, kila mwanamke anayepita mbele ya fremu napiga mstari. Nimepata 140! Zidisha kwa 4, ni 560 kwa saa. Nikarudi nyumbani nimeshaanza kuchagua rangi ya ukuta.

Leo asubuhi nimemuonyesha hiyo namba dada wa rasta. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Wangapi waligeuza shingo?" Nikabaki kimya. Kati ya wale 140 sikumbuki hata mmoja aliyesimama popote, hata kwa muuza miwa.

Jumatano, 12 Juni

Nimerudi A mara mbili, jana jioni na leo asubuhi, na sasa naangalia watu badala ya kupiga mistari. Mambo mawili.

La kwanza ni upande wa barabara. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari la kwenda mjini linasimama upande mmoja na linalorudi linashushia upande wa pili. A ipo upande wa kwenda. Asubuhi saa 12 na nusu pamejaa kweli kweli, ila ni watu wanaokimbilia siti, mkoba umebanwa kwapani, macho yapo kwenye kibao cha gari, nani atasuka saa hiyo. Jioni watu wakiwa wamechoka na wana hela kidogo mkononi wanashushwa ng'ambo, wanashika njia za ndani upande ule ule. Sasa wale 140 wa Ijumaa walikuwa akina nani? Nimesimama nimeangalia: wengi wanaunganisha gari. Wanashuka ng'ambo, wanavuka, wanapita mbele ya A mbio kuwahi bajaji za kwenda Segerea. Nimewafuata kwa macho kumi wa kwanza, tisa waliishia kwenye bajaji. Hao sio wapita njia wangu, wapo safarini.

La pili nimeliona kwa bahati. Ukuta wa pembeni umepakwa rangi mpya ya krimu, ila jua la saa 2 asubuhi likiupiga kwa ubavu unaona kitu chini ya rangi, mistari miwili imekatizana. X. Nimepitisha kidole, unaisikia kabisa ilipo rangi nene. Dalali akasema hiyo ni ya zamani dada, walishafuta. Nimeenda ofisi ya serikali ya mtaa, nimeuliza kwa heshima, nikajibiwa jengo lipo ndani ya hifadhi ya barabara. Kwa wasiojua, sheria ya barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara, kwa barabara kuu na za mkoa. Bomoabomoa inaweza isije miaka kumi, inaweza ikaja mwaka kesho, na mpangaji ndo wa mwisho kuambiwa. Vigae na masinki ya kuoshea ukishapigilia huvibebi.

A nimeifuta. Gharama mpaka hapa: elfu 20 ya dalali, nauli na soda.

Jumamosi, 15 Juni

Fremu ya pili, C (B nitaifikia, niliionyeshwa mwishoni). Hii ni laki 2 na 20 kwenye mtaa ambao tayari una saluni sita ndani ya hatua kama 200. Kila mtu ananiambia kimbia. Mimi sikukimbia, maana kule Sinza nilikofanya kazi saluni zimebanana na zinakula zote, mwanamke akitaka kusuka na hajui aende wapi anaenda pale zilipo nyingi, kama watu wanavyoenda Kariakoo hata kama duka lipo jirani.

Kuhesabu wapita njia hapa sio dawa, nimehesabu viti. Saluni sita zina viti 23 jumla. Unapita taratibu kama unayetafuta mtu, mapazia yamefunguliwa kwa joto, unahesabu vichwa. Leo saa 5 asubuhi: 21 kati ya 23. Saa 9 mchana: 21. Watu wamekaa hadi kwenye ndoo nje, kuna mtoto anasukwa amelala usingizi. Nimerudi nyumbani nimeshika kichwa kwa furaha.

Jumamosi, 15 Juni, usiku

Mimi ni mjinga. Jumatatu ni Idi.

Tena Idi ya kuchinja, na shule zimefungwa, kwa hiyo watoto nao wanasukwa kwa sikukuu. Nimehesabu siku ambayo hata saluni ya chini ya mwembe inajaa. Hiyo karatasi nimeikunja ila sijaitupa, nimeandika juu "SIKUKUU" kwa kalamu nyekundu ili nisije nikajidanganya nayo baadaye.

Kwa anayetaka kuiga hii kazi: angalia kalenda kabla ya kuhesabu. Wiki ya Idi, wiki ya Krismasi, wiki shule zinafunguliwa, tarehe 25 mpaka 3 za mshahara, zote zinavimbisha namba. Katikati ya mwezi Jumanne mchana ndo utaona mfupa.

Jumamosi, 22 Juni

Nimerudia C. Jumanne tarehe 18 saa 9 mchana viti 5 kati ya 23, ila hiyo nayo sio ya kuamini sana, siku moja baada ya sikukuu wote wana nywele mpya. Leo Jumamosi ya kawaida, 13 kati ya 23. Yaani hata siku nzuri ya wiki viti kumi vipo tupu, na mimi nataka kuleta vingine vinne.

Ila namba hiyo haikunitosha, nikaamua nikasuke. Nimekaa saluni ya tatu kutoka kona saa tano nzima, rasta ndogo za mgongoni, ufundi elfu 25 na pakiti tatu za rasta za elfu 3 kila moja. Ndo hela nilioitumia vizuri kuliko zote mwezi huu. Ukiwa umekaa chini ya mikono ya msusi kwa saa tano watu wanasahau kama upo.

Nilichosikia ni hiki. Hakuna mteja hata mmoja aliyeingia akauliza "saluni hii mnafanya nini". Wote waliingia wakiita jina la mtu. "Fulani yupo?" Akiambiwa hayupo, wengine wanakaa kumsubiri, wengine wanatoa simu wanampigia pale pale mlangoni. Msusi aliyekuwa ananisuka alihamia pale mwezi wa nne kutoka saluni ya jirani, na wateja wake amekuja nao wote, bosi wa zamani hana hata namba zao. Nimehesabu waliokuja wakaambiwa hamna nafasi wakatoka: wanne. Mlango upo wazi naona nje, watatu waliingia saluni ya kando ambako wana mtu mwingine wanayemjua, mmoja akaondoka kabisa.

Kwa hiyo kwenye mtaa kama huu ushindani haupo kwenye bei wala kwenye kioo cha mbele, upo kwenye msusi. Ningefungua pale ningekula makombo ya Jumamosi, na ndani ya miezi miwili wangenichukulia dada wangu wa rasta kwa kumuongezea elfu mbili kwa kichwa, maana amezungukwa na mabosi sita na wote wanamwona anavyosuka. Sio kwamba mtaa ni mbaya. Angekuwa mtu mwenye wasusi sita wenye majina ningemwambia aende hata kesho. Mimi nina wawili.

Alhamisi, 27 Juni

B sasa. Hii sikuletewa na dalali, aliniambia mama mmoja wa genge ninaponunua nyanya. "Mwanangu, si unatafuta chumba, kile pale kipo tupu tangu mwezi wa tatu." Ipo kwenye njia ya ndani inayotoka kituoni, upande ule wa wanaorudi, hatua kama 150 kutoka lami. Njia ya vumbi, bajaji mbili haziwezi kupishana bila mmoja kupanda kwenye ngazi za watu. Laki 2.

Nilimuomba mama nikae naye gengeni nihesabu, akakubali kwa sharti nimsaidie kumenya vitunguu saumu. Simu na karatasi niliacha, watu wakikuona unaandika wanadhani unatoka TRA. Nimetumia maharage. Mfuko wa kulia wa dera nimeweka maharage mengi, kila mwanamke akipita nahamisha moja: kwenye bakuli la bluu kama amevaa viatu vya safari, kwenye bakuli la njano kama amevaa ndala.

Hii ya ndala nimeipata baada ya kukaa siku mbili pale A naangalia miguu. Mwanamke wa ndala na kanga anakaa karibu, hayupo safarini, ametoka kununua kitu na atarudi kwa njia hiyo hiyo. Mkononi ana mfuko wa rambo sio mkoba. Anasimama, anaongea, anaulizia bei ya kitu ambacho hanunui leo. Huyo ndo anayeona kibao chako mara mbili kwa siku mpaka siku anapoamua nywele zimechoka.

Dakika 15, saa 12 jioni: maharage 52, ya ndala 31. Nimerudi A jana jioni kwa haki, saa ile ile, nikahesabu kwa macho hayo hayo: kati ya wengi wale, ndala zilikuwa 9. Yaani barabara yenye watu karibu mara tatu ina majirani chini ya theluthi moja ya wale wa uchochoroni.

Mama akanicheka na mabakuli yangu. Akasema mimi sihesabu hivyo, mimi naangalia nani anarudi mara ya pili. Kweli, mmoja alikuja kwa nyanya, baadaye akarudi kwa chumvi, baadaye akamtuma mtoto limao. Kwenye bakuli langu ni maharage mawili, kwenye shingo ni kichwa kimoja. Kwa hiyo zile 31 punguza, labda ni 24 au 25 wa kweli. Nimeandika.

Saluni za karibu ni mbili. Moja ni ya kinyozi. Ya pili ni ya mama mtu mzima, dawa na kuseti kwa rola, wateja wake ni wa makamo kama yeye na anafunga saa 12 kamili akaswali magharibi. Baada ya hapo mtaa mzima hauna pa kuosha nywele na hapo ndo wenye viatu vya safari wanarudi. Nilienda kumsalimia, nikamwambia wazi shikamoo mama, mimi nataka kufungua pale, nafanya rasta zaidi. Akaniangalia muda, akasema marahaba, riziki mafungu saba, ila dawa usiuze chini ya bei yangu. Nimekubali.

Jumanne, 2 Julai

Kila kitu kilikuwa kizuri mno, nikajua lazima kuna kitu.

Hapa B nilihesabu jioni tu. Leo nimeenda saa 4 asubuhi na mlango wa pili kutoka B kuna fundi wa kuchomea mageti. Jioni anafunga anaingiza vitu ndani, unaona mlango wa bati tu kama stoo. Asubuhi ametandaza mageti mpaka katikati ya njia, grainda inalia mpaka meno yanauma, vumbi la chuma linatua kila mahali. Nilipangusa dirisha la B kwa kidole, kikatoka cheusi chenye chembe zinazong'aa.

Nilimuomba mwenye nyumba afungue, nikachomeka driya ya mkono niliyobeba kwenye mkoba pamoja na taa ya ukutani imewashwa. Kila fundi akigusa chuma, taa inafifia na driya inashusha pumzi, wuuu, halafu inapanda tena. Nikadhani wanatumia LUKU moja. Hapana, kila mtu na yake. Nilimlipa fundi umeme elfu 15 aje aangalie, akanieleza kwamba mita tofauti haisaidii kama waya unaotoka nguzoni ni ule ule, mashine ya kuchomea inavuta moto mwingi kwa mkupuo na nyumba zote za kwenye laini hiyo zinapungukiwa.

Ndo nikaelewa kwanini chumba kimekaa tupu tangu mwezi wa tatu. Mama wa genge nikambana: aliyekuwepo alikuwa fundi cherehani, mashine za umeme, alihama kwa sababu hiyo hiyo. Mama hakunificha, sikumuuliza tu. Swali la "aliyetoka alienda wapi na kwanini" lingekuwa la kwanza kabisa, mimi nimelifikisha mwezi mzima baadaye.

Ijumaa, 5 Julai

Mwenye nyumba yule yule ana chumba kingine hatua 40 mbele zaidi, laki na 80, mbali na fundi. Nikafurahi, nikaenda na maharage yangu. Saa ile ile ya jioni, ndala 13.

Hatua arobaini! Nilidhani nimekosea nikarudia kesho yake asubuhi na jioni, hali ni hiyo hiyo. Sababu ni genge. Baada ya genge njia inagawanyika mara mbili, na wengi wanaokuja kununua wanaishia pale wanageuza. Chumba kile kipo baada ya njia panda kwa hiyo kinapata tawi moja tu, na hakuna kinachomfanya mtu wa tawi lingine afike.

Kwa hiyo nikakaa na swali: ndala 31 na grainda, au ndala 13 na utulivu. Nikaenda kuongea na fundi mwenyewe. Kijana mstaarabu, ananiita dada mkubwa. Anafungua saa 2, anafunga saa 11 na nusu, Jumapili hafungui, Ijumaa anakatisha mchana. Nikachukua daftari la zamani la Sinza nikaangalia saa za wateja: wa kuosha na driya wengi ni kuanzia saa 11 jioni, na Jumamosi na Jumapili. Wa rasta ndo wanaanza asubuhi na rasta haihitaji umeme, inahitaji kiti na vidole. Ratiba yangu na yake zinagongana Jumamosi tu. Tumekubaliana Jumamosi grainda aifanyie nyuma ya jengo, kuchomea anaendelea, na mimi nitajenga kizuizi cha bati upande wake kwa hela yangu kuzuia vumbi na cheche. Cheche na rasta havikai pamoja, rasta nyingi ni plastiki, ikishika moto inayeyukia kwenye ngozi.

Jumatano, 10 Julai

Nimechukua B.

Kabla ya kutoa hela nilifanya kitu kimoja nilichofundishwa kwa maumivu ya mtu mwingine, niliomba namba ya LUKU nikanunua umeme wa elfu 10. Chumba kikikaa bila kununuliwa umeme, kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU inajilimbikiza na anayekuja ndo anakatwa. Ilikatwa 4,500, miezi mitatu ya 1,500. Mwenye nyumba nilimuonyesha meseji, amenipunguzia. Ni hela ndogo, ila kama kungekuwa na deni la maana lingetokea hapo hapo kabla sijalipa.

Alitaka mwaka, tumeishia miezi 6, milioni 1 na laki 2. Tulibishana kwenye kodi ya zuio, ile asilimia 10 ambayo mpangaji anatakiwa aikate kwenye pango aipeleke TRA. Mama mwenye nyumba akasema hiyo ni yangu na serikali yangu, yeye anataka hela yake kamili. Ni 120,000, tumegawana elfu 60 kwa 60. Mimi hiyo sikuiweka kwenye hesabu ya tarehe 3 Juni, iwekeni. Kwenye mkataba nimeongeza sentensi kwamba kizuizi cha bati ni mali yangu nikihama naondoka nacho, na kodi haipandi ndani ya mwaka. Mjumbe amesaini kama shahidi.

Dalali hakuwepo kwa hiyo laki 2 ya mwezi mmoja nimeiokoa. Mama wa genge nimempa elfu 50 na kanga, alikataa hela kwanza, kanga akaichukua haraka.

Gharama ya uchunguzi wote: dalali 20,000, nauli 18,000, kusuka 34,000 pamoja na rasta, soda na karanga za kukaa kwenye mabenchi ya watu 12,000, LUKU 10,000, fundi umeme 15,000. Jumla 109,000. Fremu A peke yake ingenizamisha milioni 2 na laki 1.

Jumapili, 28 Julai

Rangi, vioo, masinki mawili, simtanki la lita 1,000 kwa sababu maji ya mtaa huu yanatoka usiku. Kizuizi cha bati 85,000 na ufundi, na aliyekichomea ni fundi jirani mwenyewe, amenipunguzia. Hakuna la kusimulia zaidi, kazi za kawaida.

Kosa dogo moja: kibao nilikitundika kikiangalia mbele, kumbe mtu wa njia nyembamba haangalii mbele ya chumba, anaangalia anakokwenda. Ukiwa unatoka kituoni hukioni mpaka umekipita. Nimekigeuza kitokeze ubavuni kama ulimi, sasa kinaonekana kutoka gengeni.

Jumatatu, 19 Agosti

Nilifungua Jumamosi tarehe 3. Jumatatu tunapumzika, kwa hiyo mpaka jana ni siku 14 za kazi. Kila mteja namuuliza umetujuaje, naandika.

Wateja 31. Kumi na saba wamemfuata msusi, wengi wao wa dada wa rasta, kuna mmoja ametoka Ubungo kwa daladala mbili. Watatu wameletwa na wenzao. Waliopita njia wakaona ni 11. Mwezi mzima wa maharage na ndala umenipa watu 11 kwa siku 14.

Kwanza niliumia. Baadaye nikaangalia hao 11 vizuri: wanane wameshaulizia siku ya kurudi na watatu wamerudi tayari kutengeneza mbele, wote wanakaa ndani ya dakika tano. Wa kufuata msusi ni wa msusi, akiamka vibaya kesho anaondoka nao. Hawa ni wa mtaa. Na saa walizokuja, 9 kati ya 11 ni baada ya saa 11 na nusu jioni, mama wa rola akiwa anafunga na fundi kashaingiza mageti.

Kwa mwendo huu ni kama wateja 57 kwa mwezi, chumba kinajilipa na mimi nabakiwa na kama 89,000 kabla ya kodi ya zuio, sio mshahara huo. Ningekuwa A ya kutaka 66 ningekuwa natoa mfukoni.

Jumamosi mbili za kwanza fundi alitimiza ahadi, ya juzi kutwa grainda ilikuwa mbele, anasema nyuma kuna mpangaji ana mtoto mchanga. Tutaongea. Na kitu ambacho sijakihesabu kabisa ni mvua. Nimechunguza kiangazi tupu, na mama wa genge juzi ameninyoshea kidole ukutani kwake, alama ya maji ya masika ipo juu ya ngazi yangu ya kwanza. Fundi ujenzi ananitajia 140,000 kuinua kizingiti kwa tofali mbili, na vuli ikianza nitarudi gengeni na maharage nione ndala ngapi zinapita kwenye tope.